Agizo la Saa Kumi na Mbili

Mimi si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu dada yangu alinitamkia neno hilo mchana kweupe, mbele ya wateja wake, na mpaka leo nalisikia. Mwizi anachukua cha mtu akijua anachukua. Mimi nilikula bila kujua. Kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi, amua mwenyewe ukishanisikiliza.

Jumanne, zamu yangu ya kufua ilipoisha saa nane mchana, nilikwenda benki nimevaa shati safi. Nafanya kazi kwenye dobi la hoteli kubwa, mashuka mia nne kwa siku, kwa hiyo shati safi si tatizo. Nilikwenda kuchukua akiba yangu ya miezi sita. Nilikuwa na raha, bwana! Nilimwambia hata mlinzi wa mlangoni, "Leo nakuja kubeba." Akacheka.

Dada wa dawati, binti mwenye miwani, akachukua kitambulisho changu, akaandika, akatazama. Akaandika tena. Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta, na mtu wa benki akikugeuzia kioo ujue hataki kulisema kwa mdomo wake.

"Kaka, akaunti hii ya akiba ina kile kiasi ulichofungulia tu."

"Hapana. Ina miezi sita."

"Haijawahi kuingia kitu."

"Dada, usinitanie. Kuna agizo la kudumu. Kila tarehe ishirini na nane, sehemu moja ya tano ya mshahara wangu inatoka yenyewe kwenda huko. Nilisaini hapa hapa. Kwenye meza hii hii!"

Nilikuwa nimeshapandisha sauti, watu wa foleni wamegeuka. Yeye wala hakutetereka. Akaweka kidole kwenye kioo, kwenye mistari sita iliyopangana, na kila mmoja mwishoni umeandikwa: halikutekelezwa, salio halitoshi.

Ngoja nieleze hilo agizo, la sivyo utaniona mjinga kuliko nilivyo.

Kazini wananiita Mfadhili. Jina hilo sikulipata bure. Siku ya mshahara dobi letu lina desturi: watu wote kumi na wawili tunavuka barabara kwenda kwa muuza chakula, tunakula na kunywa mpaka jioni, na anayelipa ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Mara ya kwanza nililipa kwa furaha, mara ya pili kwa sababu nililipa ya kwanza, baada ya hapo ikawa sheria. Na mimi salio sijawahi kuliangalia maishani mwangu. Naenda kwenye mashine ya benki, natoa, natoa, mpaka siku mashine ikatae. Ikikataa, najua mwezi wangu umeisha.

Sasa mama yangu, ninayeishi naye, ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima. La kulia anaona mbele tu, pembeni giza, na giza lenyewe linasogea. Daktari alitueleza bila kuzungukazunguka: ugonjwa huu ukishakula, haurudishi. Upasuaji hautamrudishia alichopoteza, utalinda kilichobaki. Kuna jopo la madaktari bingwa wanaokuja mara mbili kwa mwaka. Tukakubaliana na dada yangu, mkubwa wangu, mshona mapazia: gharama nusu yeye, nusu mimi. Nusu yangu ni mshahara mmoja na kitu, yaani sehemu ya tano kila mwezi kwa miezi sita.

Dada alinitazama, akasema, "Wewe? Kuweka? Wewe kiganja chako kimetoboka."

Nikachemka. Na kwa kuchemka huko nikajiwekea kanuni tatu, nikaziandika kwenye daftari lake la vipimo ili asiwe na la kusema. Ya kwanza: akiba inatoka kabla ya kitu kingine chochote, siku ile ile ya mshahara, na inatoka yenyewe, isisubiri hiari yangu. Ya pili: inakwenda kwenye akaunti isiyo na kadi wala isiyofunguka kwa simu, mpaka niende kwa miguu yangu na kitambulisho. Ya tatu, hii niliibuni mwenyewe na nikaisifia sana: nisiichungulie. Maana najijua. Nikiona pesa imekaa mahali, naionea huruma ipo peke yake.

Kanuni mbili za kwanza ni nzuri, sizikani hata leo. Ile ya tatu ndiyo iliyonimaliza.

"Mshahara wenu unaingia saa ngapi?" binti wa miwani akaniuliza.

"Tarehe ishirini na nane. Saa nne hivi asubuhi."

"Na agizo lako linasoma akaunti tarehe ishirini na nane, saa kumi na mbili asubuhi. Linasoma mara moja tu. Likikuta hakuna pesa, linaondoka, linarudi mwezi unaofuata. Na kila likikosa, benki inakata ada ya usumbufu."

Saa kumi na mbili na saa nne. Muda wa katikati ulikuwa umemeza nusu ya jicho la mama yangu. Miezi sita agizo linapita alfajiri linakuta akaunti tupu, kama nilivyoiacha tupu siku zote, halafu mshahara unaingia mzima, halafu ninaingia mimi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulituma meseji kila mara." Akanisomea namba. Ilikuwa namba ya simu iliyoanguka kwenye mashine ya kufulia mwaka jana. Laini nilibadilisha, benki sikuwaambia. Nilitaka kugombana na mtu, yeyote, lakini kila nilipogeuka nilijikuta mimi.

"Basi hiyo pesa ambayo haikutoka, imekwenda wapi?" Niliuliza hivyo kweli. Mtu mzima.

Akashusha ukurasa. Natoa, natoa, natoa. Mashine ile ile ya nje ya hoteli, siku ile ile, jioni ile ile. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba katika miezi hiyo niliona maisha yamekuwa mepesi kuliko nilivyotegemea. Nilijigamba kazini kwamba akiba ina baraka, tazameni, naweka na bado nakula!

Mwisho wa kulipa hospitali ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, orodha inafungwa, na jopo linarudi baada ya miezi sita mingine. Daktari alishasema miezi sita mingine jicho hilo halina.

Jioni ile mama alikuwa jikoni anamimina chai. Anamimina vizuri tu, kikombe kikiwa mbele yake. Alipogeuka akajigonga kwenye kigoda kilichokuwa pembeni yake. Akacheka.

"Hiki kigoda kinanifuata," akasema. "Umefika benki, baba?"

"Nimefika."

"Pesa ipo?"

"Ipo, mama. Salama salimini."

Dada alipopiga simu nikamjibu vile vile. Usiniulize kwa nini nilidanganya. Niliona aibu, basi. Aibu ya kuwafanya watu waamini kile ambacho walikuwa wakikisema siku zote juu yangu.

Jumatano saa nne nilipanda ofisi ya mishahara. Pale pana mama mmoja tunayemwita Bibi Mishahara, mwanamke mkavu, anavaa sweta hata kwenye joto, hajawahi kumcheka mtu wala kuchekwa. Nikamwamkia, nikamwomba nipewe mshahara wangu siku hiyo, na wa mwezi ujao juu yake.

"Orodha ya mwezi huu iko benki tangu jana," akasema. "Hata mkurugenzi akitaka kubadilisha, haibadiliki. Na mshahara wa kazi ambayo hujaifanya, hapa hatutoi. Una nini wewe? Umeua?"

Nikamweleza. Sikupanga kumweleza, lilitoka lenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kalamu, kisha akavuta droo, akatoa fomu.

"Kwa nini ulikwenda benki wakati mimi nipo hapa?" Alikuwa amekasirika, nakwambia. "Mshahara wa mtu naweza kuugawa kabla haujatoka. Unaniandikia akaunti mbili. Hii asilimia ishirini, hii themanini. Siku pesa inatoka hapa, kila moja inakwenda kwake, saa moja, dakika moja. Haijalishi tumelipa asubuhi, jioni, au tumechelewa siku tatu. Huoni hata ilipopita. Lakini fomu niipate kabla ya tarehe kumi na tano."

"Kwa hiyo mwezi huu…"

"Mwezi huu umefungwa. Jaza ya mwezi ujao, hapa hapa, mbele yangu."

Nikajaza. Namba ya akaunti niliikosea, nikaiandika mara mbili.

"Na usijifanye hutaki kuangalia," akasema huku akigonga muhuri. "Mwezi wa kwanza unaangalia. Unaona imeingia, basi, unaacha. Mtu anafunga mlango, anausukuma kidogo kuona kama umefunga. Halafu ndiyo anaondoka."

Kisha akanipa karatasi yangu ya mshahara wa kesho, akachukua kikokotoo. Mshahara mzima ulifika sehemu tano kati ya sita za nusu yangu. Kodi ya nyumba nilishalipa ya miezi mitatu. Nikiupeleka wote hospitali, nitabaki na deni la sehemu moja na tumbo tupu, lakini nitakuwa karibu.

Tatizo lilikuwa Alhamisi yenyewe. Hoteli ilikuwa na wageni wa mkutano, tumepangwa zamu mbili mfululizo, kutoka alfajiri mpaka usiku. Benki inafungwa saa kumi. Mashine ya nje haitoi zaidi ya theluthi ya mshahara wangu kwa siku, na simu nayo ina kikomo chake kama hicho. Kwa hiyo pesa ingeingia saa nne na kulala kwenye akaunti yangu mpaka Ijumaa.

"Ikilala, utailinda?" Bibi Mishahara akaniuliza.

Nikakunja karatasi ya mshahara, nikashuka ngazi.

Saa nane nilikimbia benki. Binti wa miwani hakuwepo, alikuwepo kijana mwingine. Nikamwambia nataka agizo la mara moja: Ijumaa tarehe ishirini na tisa, saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo maagizo yao yote hupita, kutoka akaunti yangu ya mshahara kwenda akaunti ya hospitali, iliyoko benki hiyo hiyo. Akaniuliza kiasi. Nikaweka karatasi ya mshahara mezani.

"Hiyo yote. Mpaka senti ya mwisho."

"Ujue agizo halimegi," akasema. "Kama umeandika mia, na ndani kuna tisini na tisa, halitoi tisini na tisa. Linaacha yote."

"Najua," nikasema kwa ukali, kana kwamba nilikuwa najua. Nikasaini, nikawapa na namba yangu mpya ya simu.

Kutoka hapo mpaka kwenye chumba cha dada ni dakika kumi na tano kwa miguu. Nilitembea nusu saa. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, anapima pazia, na wanawake wawili wateja wameketi kwenye benchi. Nilitaka kusubiri waondoke. Lakini nilijijua, nikisubiri nitapata sababu ya kuondoka na mimi.

"Dada," nikasema, "akiba haipo."

Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Sema tena."

Nikasema tena. Nikaeleza saa kumi na mbili, saa nne, meseji, mashine. Alikuwa amesimama sasa. Nilipofika mwisho akasema lile neno.

"Mwizi! Jicho la mama yako umelila na wahuni wa dobi. Mwizi wewe!"

Wale wanawake wakainamisha vichwa. Damu ikanichemka, nikafungua mdomo kumjibu, na nilikuwa na majibu mengi. Badala yake nilikaa chini pale kwenye vipande vya kitambaa nikalia, nikiwa na miaka thelathini na nane.

Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akanyoosha mkono. "Lete kadi."

Nikampa kadi ya benki.

"Na hilo agizo jipya, niambie umelipangaje."

Nikamwambia. Yeye mapazia anapima kwa sentimita, hakuna linalompita. Akauliza, "Lile la zamani ulilifuta?"

"Lipi?"

"La kila mwezi, wewe! Kesho si tarehe ishirini na nane? Kesho saa kumi na mbili si litapita tena? Likikosa, si watakata ada?"

"Akaunti haina kitu, watakata nini?"

"Watasubiri mshahara uingie, wakate humo!"

Ada yenyewe ni ndogo, bei ya mkate na chai. Lakini mimi niliandika mpaka senti ya mwisho, na agizo halimegi. Mshahara ungeingia, ada ingekatwa, na Ijumaa alfajiri agizo la hospitali lingekuta pungufu ya mkate na chai, likaacha yote.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na nne.

Tulikimbia. Dada yangu ana mwili, na ana goti bovu, alikimbia ameshika gauni kwa mkono mmoja na kadi yangu kwa mwingine, anatukana njia nzima. Alinitukana mimi, akaitukana benki, akamtukana aliyebuni mshahara. Kwenye kona ya mwisho aliniambia, "Nenda, tangulia, usinisubiri!" Nikatangulia. Mlinzi yule wa jana alikuwa ameshika kitasa.

"Tumefunga, ndugu."

"Bado dakika nne."

"Tumefunga."

"Mama yangu anapofuka!" Nilipiga kelele hiyo barabarani. Sijawahi kuisema kwa sauti kabla ya hapo, hata peke yangu. Mlinzi akanitazama, akaachia kitasa.

Binti wa miwani alikuwa amerudi kwenye meza yake, ameshaweka mkoba begani. Akauweka chini. Alifuta lile agizo la zamani mbele ya macho yangu, akanionyesha ilipoandikwa limefutwa. Kisha akafungua jipya, na kabla sijasema akauliza, "Hapa umebakiza kiasi gani?"

"Sikubakiza."

"Bakiza kidogo. Huwezi kujua kitakachokatwa." Tukapunguza. Dada akaingia anahema, akaegemea meza, akamwambia, "Mwanangu, Mungu akupe mume mwenye akili." Binti akacheka kwa mara ya kwanza.

Alhamisi. Siku hiyo sitaisahau.

Kuanzia saa tatu mashine zinanguruma lakini watu wanasikilizia simu zao. Saa nne na dakika kumi simu ikatetemeka mfukoni. Mshahara. Nikautazama mara moja na kuufunika. Kutoka dakika ile mpaka Ijumaa saa kumi na mbili ni saa ishirini kasoro, na katika saa hizo kitu pekee kilichosimama kati ya pesa ile na mimi kilikuwa mimi mwenyewe. Kadi ilikuwa kwa dada, sawa. Lakini simu ilikuwa mfukoni, na wakala wa kutoa pesa yupo pale kona, hatua ishirini.

Saa saba, mapumziko. Mwenzangu wa mashine ya pasi, tunamwita Kijiti, akaja na wengine wote nyuma yake, wameshavua aproni.

"Mfadhili! Twende, tumbo linauma."

"Leo sina."

Wakacheka. Walidhani ni mwanzo wa utani.

"Sina, jamani. Nendeni tu."

"Mshahara umeingia, tumeona sote," akasema Kijiti. "Au mwenzetu umefulia na mashuka?"

Wakaangua kicheko. Mimi pia nikacheka kidogo, ndiyo mbaya yenyewe. Kijiti akanishika bega, akasogea, akasema polepole, kwa upole, "Kama kadi umeisahau, toa kwa simu. Kidogo tu. Watu wamekuzoea, usiwatie aibu."

Nikatoa simu. Nakiri. Nilikuwa na sauti kichwani inayosema nimebakiza kidogo, si nilibakiza? Lakini nilichobakiza kingewanywesha chai watu watatu, na pale walikuwa kumi na mmoja. Nikaandika namba ya wakala. Nikaandika kiasi, kile kile cha kila mwezi, vidole vinakijua. Simu ikaniuliza namba ya siri.

Wote wananitazama, na nilijua kama nikibonyeza tarakimu nne nitakuwa Mfadhili tena mpaka jioni. Nilitamani. Nakwambia ukweli, nilitamani kuliko mlevi anavyotamani. Haukuwa ukarimu hata siku moja. Nilikuwa nanunua lile jina.

Nikafuta. Nikazima simu kabisa, nikaitia kwenye kabati la sabuni, nikafunga.

"Mama yangu anafanyiwa upasuaji Jumatatu," nikasema. "Pesa yote inakwenda huko. Na mwezi ujao sitalipa pia, wala mwezi wa baada yake. Mkitaka tule, kila mtu alipe chake."

Mmoja akasema "Haya" na kugeuka. Kijiti alinisindikiza kwa macho mpaka nikarudi kwenye mashine, kisha nikamsikia anawaambia wenzake, "Kabadilika huyu." Nilifua mpaka usiku, njaa inanikata, na hakuna aliyeniletea hata maji. Niliumia. Kumi na mmoja, miaka minne, hata maji!

Usiku wa kuamkia Ijumaa dada alilala kwetu. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano tulikuwa tumekaa mezani, simu katikati. Saa kumi na mbili ikafika. Kimya. Na dakika moja. Na dakika mbili. Dada alikuwa anang'ata ukucha wa kidole gumba, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu tuko wadogo.

"Bado?" mama akauliza kutoka chumbani. Yeye alidhani tunasubiri gari la kunipeleka kazini.

"Bado, mama."

Dakika ya tatu simu ikalia. Dada akainyakua, akasoma, akaisoma tena kwa sauti ya chini: agizo limetekelezwa. Akaiweka mezani, akafunika uso kwa viganja viwili, mabega yakamtikisika.

Nusu yake dada alishalipa, na sehemu iliyopungua kwenye yangu aliitoa yeye, pesa ya robota la kitambaa. Hakunipa mimi, alikwenda nayo dirishani hospitali mwenyewe, akarudi na risiti saa tatu. Jina la mama likawa la saba kwenye orodha. "Mwezi ujao, ile ishirini yako ikiingia, unanirudishia," akasema. "Utaangalia kama imeingia?"

"Nitaangalia."

"Mimi pia nitaangalia."

Lakini bado mama hakuwa ameambiwa, na dada alikataa katakata kumwambia yeye. Jumatatu asubuhi, mama akiwa amevaa, mfuko wake wa hospitali mapajani, nilikaa chini mbele yake, mahali anapoona. Nikamweleza yote. Aliacha niseme mpaka mwisho, jicho lake moja limenikazia, bila kupepesa.

Nilidhani atanilaani. Nilidhani labda atalia. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaka kujua, "Miezi sita, pesa yote hiyo, ulinunua nini?"

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Nauliza, ulinunua nini? Kiko humu ndani? Nionyeshe nikione kabla hawajanifunga jicho."

Nikageuka, nikakitazama chumba. Kitanda, meza, kigoda, ndoo mbili, pazia aliloshona dada. Nikatazama kila kona, na mama alikuwa anageuza kichwa polepole kufuata macho yangu, anatafuta pamoja nami.